Insha Iliyorudi Kibabi

Katika Kibabi nzima hapakuwa na mtu aliyejua kusimulia kama Mwalimu Isidore, na wa kwanza kulijua hilo alikuwa Isidore mwenyewe. Ukimuuliza arusi ya jana ilikuwaje, alianzia siku posa ilipopelekwa. Ukimuuliza habari ya ng'ombe aliyepotea, alianza na mama yake ng'ombe. Euphrasie, mkewe, alikuwa amezoea kumwambia, "Papa Drocella, ruka kidogo, chakula inapoa." Hakuruka hata siku moja. Kwake yeye kuruka neno kulikuwa nusu ya kusema uongo.

Tabia hiyo aliirithi kwa baba yake. Papa Kabera alikuwa mkulima wa maharagwe kama wengine, lakini siku za barza, pale mbele ya chifu panapokatwa mashauri, watu walimtafuta awe shahidi. Alisimama, akavua kofia, akaanza mwanzo: nani alitoka wapi, jua lilikuwa wapi, nani alimsalimu nani. Alimaliza mwisho wa habari, akakaa. Hakusema hata mara moja nani ana kosa. Shahidi akithubutu kusema hivyo, hasa akiwa kijana, barza nzima ilimgunia, maana kukata neno ni kazi ya wakubwa. Shahidi analeta habari yote, nzima, kama mtu anayeleta mzigo wa kuni bila kuangusha kijiti, na wakubwa ndio wanaojua moto utawashwa wapi. Isidore alikua akisikiliza hayo miguuni pa baba yake, na akayashika kuliko alivyoshika katekisimu.

Sasa, mwaka huo wa hamsini na tano, mwalimu huyu alikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi. Shule ya Kibabi, tawi la misheni, ilikuwa na nyumba moja ya udongo na madarasa mawili tu, la kwanza na la pili, yote mikononi mwake. Mtoto aliyemaliza la pili, kama alitaka kuendelea, ilimpasa kwenda Mushaki, safari ya asubuhi nzima kupanda na kushuka, na wazazi wengi walisema, basi, inatosha, amejua kusoma jina lake. Mkaguzi wa shule alikuwa amesema wazi: darasa la tatu litafunguliwa Kibabi siku mwalimu wake atakapopata cheti. Na Drocella, binti yake mwenyewe, alikuwa anamaliza la pili mwaka uleule.

Cheti kilipatikana kwa njia ya posta. Shule ya walimu iliyokuwa kule chini upande wa ziwa ilituma masomo, mwalimu wa kijijini akajibu kwa maandishi, karatasi zikaenda na kurudi ndani ya mfuko wa misheni, juu ya lori la mbogamboga. Aliyesahihisha kazi za Isidore alikuwa padri mweusi, Abbé Symphorien, ambaye hawakuwahi kuonana. Katika kazi ndogondogo zote Isidore alifaulu. Ilibaki insha moja kubwa, ya mwisho, na swali lake lilikuwa hili: Kwa nini watoto wa kijiji chako wanaacha masomo kabla ya kumaliza mwaka wa pili?

Isidore aliliona swali akacheka kwa furaha. Nani anajua hayo kuliko yeye? Akaandika kurasa kumi na mbili za Kifaransa safi, za mwandiko wa kulala upande mmoja. Hakuacha kitu. Mwaka uliopita, mwezi wa pili, kima walishuka kutoka msituni wakala mahindi. Mwezi wa tatu mvua ilinyesha, na aliieleza mvua yenyewe. Mwezi wa nne daraja la miti lilichukuliwa na mto. Halafu Hakorimana akaacha masomo. Halafu wengine wakaacha, kila mmoja na jina lake, na jina la baba yake, na kilima anachokaa. Arusi iliyofanyika katikati ya habari hiyo nayo ilipata ukurasa wake. Alipomaliza, alimsomea Euphrasie yote, naye Euphrasie akasema ni nzuri, akalala kabla ya daraja kuvunjika.

Insha ilirudi wiki ya pili baada ya Pasaka. Haikuwa na alama. Juu yake palikuwa na neno moja, "kurudia," na ndani yake barua. Isidore aliisoma amesimama mbele ya shule, watoto wamekwisha kwenda nyumbani.

"Mwalimu Isidore," barua ilisema, "nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, ili usifikiri kwamba shida ni Kifaransa. Kifaransa chako ni kizuri kuliko cha wengi. Shida ni nyingine. Nimesoma insha yako mara mbili, na sasa naweza kutembea Kibabi nimefunga macho. Nawajua watu wako, najua mvua yenu, nimekula hata arusini. Lakini nikiulizwa kwa nini watoto wanaacha masomo, sina jibu, kwa sababu wewe hukunipa.

"Umenieleza jambo gani lilitangulia na jambo gani lilifuata. Hayo ni masimulizi. Swali liliomba sababu. Angalia ukurasa wa saba. Umeandika: daraja lilivunjika, halafu watoto sita wakaacha. Ukaenda mbele. Mimi nikabaki pale nikiuliza. Hao sita walikaa ng'ambo ya mto, ao upande wa shule? Wale wa ng'ambo waliacha wote? Daraja lilipojengwa tena, walirudi? Kama wote ni wa ng'ambo, na walirudi, basi pengine daraja ndiyo sababu. Kama sivyo, basi daraja ni jambo tu lililotokea siku zile. Jambo kufuata jingine hakutoshi kuonyesha kwamba lile la kwanza limelizaa la pili.

"Mimi ni mtoto wa Walikale. Baba yangu aliwinda. Wanaume wakirudi msituni, mmoja alisimulia njia yote, na tulimpenda sana jioni. Lakini kesho yake waliyemfuata ni yule aliyeweza kusema: mnyama aligeuka hapa kwa sababu hii, nyayo zenyewe ni hizi, na si kwa sababu ile, maana upepo ulitoka upande mwingine. Nakuomba uwe huyo wa pili.

"Basi, fanya hivi. Anza kwa kutoa jibu lako waziwazi, kwa maneno machache, ili nijue unanipeleka wapi. Kisha kwa kila sababu unayoitaja, onyesha unajuaje. Linganisha walioacha na waliobaki, maana waliobaki umewasahau kabisa, na wao pia ni mashahidi. Chukua sababu nyingine ambazo mtu angeweza kusema, uzijaribu, useme kwa nini zinatosha ao hazitoshi. Habari ambayo haisaidii jibu lako, hata kama ni tamu, uiache. Na usiogope kukata neno. Nimekuona unakaribia jibu mara tatu, kila mara ukakimbia. Irudi kabla ya Pentekoste. Wako katika Kristo, Abbé Symphorien."

Isidore alikasirika. Tuseme ukweli, alikasirika vibaya. Alirudi nyumbani akakataa ugali, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaenda moja kwa moja kwa baba yake, nyumba ya pili chini ya migomba, akamsomea barua. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu Abbé iko anataka ukate neno mbele yake?" Papa Kabera aliuliza. "Yeye mukubwa, wewe mudogo?"

"Njo vile anasema, Papa."

"Haiko adabu hiyo." Mzee aliweka chini kamba aliyokuwa anasuka. "Lakini njo yeye mwenyewe anaomba?"

"Njo yeye."

"Basi mie siyue," akasema Papa Kabera, akarudia kusuka kamba yake. Hakuwa mtu wa kujifanya anajua.

Euphrasie alijua zaidi, au angalau alikuwa na haraka zaidi. Alimkuta mumewe ameshika tama mlangoni, akamwekea ugali uleule mbele yake. "Papa Drocella," alisema, "mie sikusoma kama wewe. Lakini ukirudi ku soko nikuulize, juu ya nini haukuleta chumvi, utanielezea njia yote toka hapa mpaka Mushaki, na mie sitapata chumvi wala sababu. Njo kitu anasema huyu Abbé. Kula."

Isidore alikula. Ilimchoma, lakini alikula, na kabla ya kumaliza alikuwa amekwisha kucheka.

Asubuhi yake alianza na daraja, kwa kuwa ndilo alilolipenda zaidi. Alikumbuka wale sita mmoja mmoja. Watatu walikaa ng'ambo. Watatu walikaa upande huuhuu wa shule, hawakuhitaji kuvuka hata kijito. Daraja lilijengwa tena kabla ya mwezi kwisha, na hakuna aliyerudi. Halafu akakumbuka jambo lililomfanya asimamishe chaki hewani: mwaka huu daraja lilikuwa zima, limesimama, hata ng'ombe walipita juu yake, na bado tangu Pasaka watoto wanne walikuwa wameacha. Daraja halikuwa na kosa lolote. Ukurasa mzima wa daraja, alioupamba kwa sifa zote za maji, ulianguka. Cha ajabu ni kwamba hakuumia. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo ambao hata hakuwa ameona uzito wake.

Basi ilikuwa nini? Jumamosi alipanda mpaka mashamba ya juu, yanayopakana na msitu, kumtafuta Mama Pétronille, mama wa Hakorimana. Alimkuta anapalilia maharagwe, akachukua jembe jingine akapalilia naye, kwa kuwa si heshima kumsimamisha mtu kazini ukiwa na mikono mitupu.

"Mama Hakorimana, nilikuya kukuuliza. Mutoto wako aliacha masomo juu ya nini?"

"Mwalimu, si wewe njo unayua?"

"Nayua alivyoacha. Sababu yake siyue."

Mama Pétronille alicheka, akajinyosha mgongo. "Mahindi inapoanza kuzaa, kima banashuka. Nani atalinda? Baba yake iko ku plantation ya muzungu. Hakorimana alilinda mpaka tukavuna. Kisha nikamuogesha, nikamurudisha ku masomo. Jioni ile anarudi na machozi. Anasema mumemukalisha na batoto badogo, bale banakojoa ku banc. Anasema bamemurudisha ku a, e, i, o, u. Yeye mutoto ya kugawanya hesabu! Tangu siku ile nikimwambia masomo, anakimbia."

Isidore alipalilia mstari mzima. Alimkumbuka mtoto yule, mrefu, magoti yamefika kidevuni kwenye benchi la wadogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwonyesha benchi hilo. Hakumwonyesha kwa ubaya: lilikuwa sharti la misheni, lililoletwa mwaka huohuo uliopita, kwamba mtoto atakayekosa wiki tatu anaanza upya tangu darasa la kwanza. Sharti lilisomwa kanisani baada ya misa. Yeye aliliandika hata ndani ya insha, ukurasa wa pili, kwa mstari mmoja, kisha akalipita akaenda kueleza mvua. Aliona haya, akaona haya kwelikweli, masikio yakamwaka moto.

Lakini Abbé alikuwa amesema ajaribu, asiamini upesi. Kwa hiyo wiki zile mbili zilizofuata, kila alipotoka darasani, alipita kwa wazazi wa walioacha, karibu wote wa mashamba ya juu, na nyumba baada ya nyumba alisikia habari ya benchi lilelile. Je, si kima ndio sababu? Kima walikuwapo tangu zamani. Miaka ya kabla ya sharti, watoto wa mashamba ya juu walilinda mahindi vilevile, wakarudi, wakakaa walipokuwa wamekaa, na wengi wao walimaliza la pili. Kima peke yao hawakutosha. Je, si uzembe wa wazazi? Wazazi walikuwa walewale. Je, si kwamba mtoto aliyekosa siku nyingi hawezi tena kufuata? Hapo alimkumbuka Mukandori, msichana wa mashamba ya juu pia, aliyekosa zaidi ya mwezi mwaka uliopita kwa sababu ya homa. Padri Mkubwa wa misheni alimhurumia, akasema asirudishwe nyuma. Mukandori alibaki, na mwisho wa mwaka alikuwa wa tatu darasani. Na waliobaki wengine, wale aliowasahau kabisa? Karibu wote walikuwa wa mashamba ya bondeni, ambako kima hawafiki, na hawakuwahi kukosa wiki tatu, kwa hiyo sharti halikuwahi kuwagusa.

Alipofika hapo alikaa kwenye jiwe nje ya nyumba akacheka peke yake. Aliona jibu. Maisha yake yote alikuwa amebeba habari za watu bila kuangusha kijiti, na hakuwahi kuonja raha hii, ya kuona habari zenyewe zinajipanga na kukuambia kitu.

Raha haikudumu sana, kwa kuwa alikumbuka mfuko wa misheni. Insha ya mwisho haikwenda bila sahihi ya Padri Mkubwa, mkuu wa shule zote za misheni, naye alisoma kila anachosaini. Na aliyeweka sharti alikuwa Padri Mkubwa mwenyewe. Mwalimu wa tawi, asiye na cheti, kuandika kwamba sharti la mkuu wake ndilo linalofukuza watoto! Walimu walikuwa wameondolewa kazini kwa madogo kuliko hayo. Na hata asipoondolewa, Padri akikataa tu kusaini, cheti hakuna, darasa la tatu hakuna, na Drocella atashika jembe mwezi wa tisa pamoja na wenzake.

Njia ya kuponyoka ilikuwapo, nayo ilikuwa nyepesi: kusimulia. Aandike kima, aandike mahindi, aandike sharti, aandike watoto, kila kitu mahali pake, kwa zamu, na neno lisikatwe. Hapo hakuna atakayemlaumu, wala hakuna atakayempa cheti. Alikwenda tena kwa baba yake.

"Papa, ku barza, shahidi angeulizwa na chifu mwenyewe, 'Wewe unaona nani iko na kosa?' Angejibu nini?"

Papa Kabera alifikiri sana. "Chifu hakuniulizaka," akasema. "Lakini angeniuliza, ningejibu. Kunyamaza pale kungekuwa sawa na kumunyima. Ila ningechunga sana mudomo. Ningesema ile tu naweza kuonyesha."

Isidore alipiga moyo konde. Akaandika insha upya, kurasa sita. Mistari ya kwanza ilisema hivi: watoto wa Kibabi wanaoacha masomo kabla ya kumaliza mwaka wa pili ni hasa watoto wanaolinda mahindi karibu na msitu, lakini hawaachi kwa sababu ya kulinda, wanaacha kwa sababu wakirudi wanaanzishwa upya na wadogo, na wanaona haya. Kisha akaonyesha. Daraja alilijaribu, akaliweka kando. Kima aliwajaribu, akawaachia nusu ya lawama. Wazazi aliwajaribu. Mukandori alipewa mistari yake. Hakumtaja Padri kwa jina wala kwa cheo, alilitaja sharti. Mwishoni alikiri kwamba Kibabi ni kijiji kimoja tu, na kwamba hajui kama huko vijiji vya Nyabiondo mambo ni hayohayo. Arusi aliitoa, na ilimuuma kuitoa.

Padri Mkubwa aliisoma barazani kwake, mchana, amesimama, miwani imeshuka puani. Isidore alisimama uwanjani, kofia mkononi, akihesabu mawe ya ngazi asimwangalie usoni. Ukurasa wa kwanza shingo ya Padri ilianza kuwa nyekundu. Ukurasa wa nne nyekundu ilikuwa imefika masikioni.

"Isidore. Sharti hii niliweka mimi."

"Ndiyo, Padri."

"Niliweka ili wazazi waogope kuwazuia watoto. Na wewe unaandika njo inafukuza watoto."

"Ndiyo, Padri." Isidore alihesabu jiwe jingine. "Nilijaribu sababu zingine. Zilikataa."

"Na uvivu ya wazazi?"

"Padri, iko ku ukurasa wa tatu. Ni wazazi bale bale. Mwaka ya mbele, sharti ikiwa haiko, balirudisha batoto, na batoto balimaliza. Bangekuwa bavivu, bangekuwa bavivu na mwaka ule."

Padri alirudi ukurasa wa tatu. Alisoma tena, kidole kikitembea chini ya mistari, kama mtu anayetafuta shimo kwenye ua ili aingie. Alikwenda mpaka kwa Mukandori akasimama hapo. Bila shaka alikuwa anakumbuka ile homa, na jinsi alivyomhurumia mtoto. Kisha aliingia ndani akatoka na kalamu, akaandika chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, na kwa kuwa alikuwa mtu mnyofu hata akiwa na hasira, alisoma kwa sauti alichoandika: "Mkuu wa shule hakubaliani na mwalimu huyu. Lakini ametafuta mahali alipokosea, hajapata bado." Akasaini. "Nenda zako," akasema, "kabla sijapata."

Isidore alishuka kilima akikimbia, mtu mzima na kofia yake.

Jibu la Abbé Symphorien lilifika mwisho wa mwezi wa sita, na safari hii lilikuwa fupi. Alama ilikuwa nzuri, si ya juu sana. "Sasa umenijibu," aliandika. "Umenipa neno na umenipa cha kulipimia, hata mkuu wako ameshindwa kulivunja. Nimeondoa alama mbili kwa ukurasa wa tano, ambapo mvua imerudi bila kuitwa. Cheti kinafuata. Nakupongeza kwa moyo wote."

Euphrasie alimtaka asome tena sehemu ya mvua, akacheka mpaka akakaa chini. Papa Kabera aliomba asomewe ile sehemu ya "kwa moyo wote" mara mbili, kisha akazunguka kijijini akiisema kwa kichwa, neno kwa neno, bila kuongeza kitu.

Cheti kilifuata kweli, na pamoja nacho karatasi ya Padri Mkubwa, mistari mitatu bila salamu. Tawi la Kibabi lingeongezewa darasa la tatu. Na kwa mwaka huo mmoja, kwa kujaribu, mtoto aliyekosa wiki nyingi asirudishwe mwanzo, bali mwalimu ampime na kumweka panapomfaa. Isidore alipita siku hiyohiyo kila nyumba ya mashamba ya juu kutoa habari hiyo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliisema kwa maneno machache, na watu walimwelewa.

Mwezi wa tisa mabenchi yalipangwa safu tatu. Drocella alikaa safu ya tatu, mbele kabisa, sare mpya imemkaa vizuri, akijifanya hamjui mwalimu. Isidore alikuwa ameanza kuita majina pale mlango ulipoingia giza kidogo. Hakorimana alikuwa amesimama kizingitini, mrefu zaidi ya mwaka uliopita, ubao wake wa kuandikia umeshikwa kwa mikono miwili kifuani, na nyuma yake wengine wawili wa mashamba ya juu wakichungulia. Hakuingia. Aliangalia benchi la wadogo, akaliangalia kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "mie nikae fasi gani?"

"Uliachia wapi?"

"Ku hesabu ya kugawanya."

"Basi njo pale utakaa," Isidore akamwambia, akamwonyesha benchi la darasa la pili. "Na sisi wote tutakungojea pale."

Hakorimana alipita mbele ya wadogo, akakaa, akaweka ubao magotini. Wale wawili wakamfuata. Isidore aligeukia ukuta mweusi wa kuandikia akaanza kuandika hesabu ya kugawanya, ikambidi aifute na kuiandika upya, kwa kuwa hakuwa anaona vizuri.